Uzoefu wangu: kufuta akaunti wakati namba yako ya zamani ishapewa mtu mwingine

Kwa wasio na muda wa kusoma yote: Telegram nawapa tano kati ya tano, ile apu ya kuuza na kununua vitu used (jina nalihifadhi) nawapa moja, na hiyo moja ni kwa sababu mwisho wa siku kuna dada mmoja wa huduma kwa wateja alitumia akili yake. WhatsApp siipi maksi maana kwangu haikuwa na kazi ya kufanya, ila kuna kitu nitakisema maana naona watu wanashauriana vibaya.

Ishu yenyewe iko hivi. Simu yangu iliibiwa Mbagala kwenye daladala, na ile laini sikwenda kuirenyuu, nikasajili nyingine maisha yakaendelea. Sasa watu wengi hawajui kwamba laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu inaichukua namba na kuiuza upya, na ikishauzwa hata uende na namba yako ya NIDA na vidole vyote kumi hawakurudishii, ni ya mtu. Mimi nilijua siku fundi wangu wa makochi alipopiga ile ya zamani akapokelewa na mama mmoja yuko Singida, tena mkali kidogo.

Nikampigia mwenyewe kwa namba yangu mpya. Shikamoo mama, marahaba, nikajieleza, nikamwambia mama nina akaunti zangu zimefungwa na hiyo namba, nataka kuzifuta, zikiingia namba za uhakiki kwenye meseji naomba unisomee. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, namba zinazoingia kwenye simu yangu mi simsomei mtu, hata awe nani." Akakata. Na kwakweli nilimkubali aisee, ndo tunavyoambiwa kila siku, angekubali ningemshangaa. Kwa hiyo hiyo njia ikafa, na nawashauri msiitumie, kwa sababu hata mwenye namba akikubali hujui atakusomea ya apu gani, unaweza ukajikuta umeingia kwenye kitu chake.

Tuanze na Telegram maana ndo ilikuwa na hatari kubwa. Mi Telegram ilikuwa bado iko wazi kwenye laptopu ya kazini, nilikuwa na chaneli ya makochi na vitanda humo. Jioni moja nafunga kazi naona pale kwenye chati ya Telegram wenyewe, ile yenye tiki ya bluu, imeingia "Login code" na namba tano, na onyo la usimpe mtu yeyote. Na mi sijaomba kitu! Nikajua tu huko Singida kuna mjukuu anamwekea bibi Telegram.

Hapa ndo pa kuelewa vizuri. Telegram mtu akijaribu kuingia na namba ambayo ina akaunti iko wazi sehemu nyingine, zile namba za uhakiki zinakuja kwanza ndani ya Telegram yenyewe, kwenye kifaa kilichoingia tayari, sio kwenye meseji. Ila yule anayejaribu akisubiri kidogo anaweza kuomba zitumwe kwa meseji ya kawaida, na meseji inakwenda kwa mwenye laini, sio kwako. Akiziingiza anakuta chati zako zote, picha, wateja, kila kitu, kwa sababu Telegram inatunza chati kwenye seva zao, sio kwenye simu kama WhatsApp. Yaani yule mama bila kosa lolote angefungua akakuta bei za makochi ya watu na mimi nabishana na wauza mbao wa Buguruni.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote nilifanya vitu viwili palepale kwenye laptopu. Settings, Privacy and Security, Two-Step Verification, nikaweka nywila na imeili ya kuirudishia. Hiyo ikishakuwepo mtu hata apate zile namba tano kwenye meseji bado anaulizwa nywila, na asipoijua anaweza tu kuomba akaunti ifutwe na hapo anasubiri wiki nzima, sio kuingia. Cha pili nikaenda kwenye Active Sessions, nikaikuta ile simu ya wizi bado imo kwenye orodha na jina lake kabisa, nikaitoa.

Kwenye kufuta sasa, raha tupu. Unafungua my.telegram.org/delete kwenye brauza, unaandika namba yako ya zamani ikianza na +255, unabonyeza Next. Inakuja namba ya uhakiki nyingine, hii ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu, na hii HAIJI kwa meseji hata iweje, inakuja ndani ya Telegram tu. Kwa mtu mwenye shida yangu hiyo ni neema maana laini haihitajiki kabisa, unachohitaji ni sehemu moja tu ambayo bado uko ndani. Nikaikopi kutoka kwenye laptopu, nikapesti, wakauliza sababu (unaweza kuacha wazi), Delete My Account, wakauliza tena una uhakika, nikakubali. Kwisha. Kwa watu niliokuwa nachati nao jina langu likabadilika kuwa "Deleted Account". Meseji nilizowatumia zamani zinabaki kwao, hilo mlijue, kufuta akaunti sio kufuta ulichokwisha kumtumia mtu.

Mwenye chaneli asikurupuke lakini. Ukifuta akaunti chaneli inabaki yatima, haina mwenyewe. Unaweza kumkabidhi mtu mwingine umiliki, ila Telegram wanataka ile Two-Step iwe imekaa zaidi ya siku 7 na kifaa kiwe kimeingia zaidi ya saa 24, ndo maana mi niliweka nywila nikatulia kwanza, nikamkabidhi mdogo wangu, halafu ndo nikafuta. Na kosa la kuua kila kitu ni kubonyeza Log Out kwenye laptopu eti uingie upya vizuri. Ukitoka ndo basi, namba za kurudia zinakwenda Singida.

Na kama hutaki kufuta, unataka tu kuhama namba, inawezekana pia: unaingia kwenye simu mpya kwa namba ya zamani, namba za uhakiki unazisoma kwenye laptopu, kisha unabadilisha namba kwenye Settings na uhakiki wa mwisho unakuja kwenye laini mpya. Ukiambiwa umeingia sasa hivi tu subiri, subiri siku moja ujaribu tena, hiyo ni kinga yao.

WhatsApp sasa. Utasikia watu wanasema tuma imeili support@whatsapp.com uandike "Lost/Stolen: Please deactivate my account" na namba yako kwa mfumo wa +255, wanaifunga, na isipofunguliwa ndani ya siku 30 inafutika yenyewe. Ni kweli, na ukiibiwa LEO ni kitu cha kufanya leo, kwa sababu hata laini ikifungwa mwizi anaweza kuendelea kutumia WhatsApp yako kwa waifai. Ila kama namba ishapata mwenyewe mpya, tafadhali usitume hiyo imeili! Niliweka ile namba kwenye simu nikaona WhatsApp ina picha ya yule mama kavaa kitenge yuko harusini. Ningetuma imeili ningekuwa nafunga akaunti ya mama wa watu, sio yangu, yangu ilishakufa siku alipojisajili yeye. Kwa hiyo angalia kwanza picha, ukikuta sura ya mtu usiyemjua hapo huna kitu cha kufuta.

Haya, ile apu ya vitu used. Humo nilikuwa na matangazo yangu, namba ya zamani iko palepale inaonekana, watu wanampigia bibi kuulizia kabati la nguo. Nikijaribu kuingia inataka namba za uhakiki kwa meseji, hakuna imeili, hakuna nywila. Nikaenda kwenye chati yao ya msaada, jibu: "Mpendwa mteja, ingiza namba za uhakiki zilizotumwa kwenye simu yako." Nikawaeleza simu sina, namba sina. "Mpendwa mteja, ingiza namba za uhakiki..." Jamani!

Kilichosaidia ni hiki. Play Store wanazitaka apu zote zinazofungulia watu akaunti ziwe na njia ya kuomba kufuta hata kwa wavuti, bila kuwa ndani ya apu. Ukifungua ukurasa wa apu, shuka mpaka sehemu ya usalama wa data, ingia kwenye maelezo yake, utakuta linki ya kuomba kufuta akaunti. Nikaijaza fomu kwa imeili ileile niliyokuwa napokelea risiti zao nilipolipia tangazo lipande juu, na nikaweka namba za hizo risiti na vichwa vya matangazo yangu. Huo ndo ushahidi wenye maana.

Wakajibu nitume picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma. Nikakataa. Wakati najiunga hawakuchukua kitambulisho changu, sasa hiyo picha wataifananisha na nini? Wangebaki tu na taarifa zangu zaidi ya walizokuwa nazo mwanzo, na mimi nataka zipungue. Nikawaandikia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inanipa haki ya kuomba taarifa zangu zirekebishwe au zifutwe, namba iliyopo sio yangu tena kwa hiyo taarifa wanayoitangaza ni ya uongo na inamsumbua mtu mwingine, na wakikaa kimya nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa adabu, bila matusi.

Hapo ndo akatokea yule dada niliyemtaja. Akasema mfumo wao kufuta lazima mwenye akaunti abonyeze mwenyewe, yeye hawezi, ila anaweza kubadilisha namba akishajiridhisha na risiti. Akabadilisha ikawa hii mpya, namba za uhakiki zikaja kwangu, nikaingia nikafuta mwenyewe muda uleule. Kwa hiyo ukikwama na apu yoyote usiwaombe kufuta tu, waombe WABADILISHE NAMBA, mara nyingi mtu wa huduma ana hiyo ruhusa na ya kufuta hana.

Matangazo yalitoka siku hiyohiyo. Kumbukumbu za malipo wamesema wanabaki nazo kwa ajili ya mahesabu yao, nimewaomba waandike kwa imeili ni zipi na zitakaa mpaka lini, bado nasubiri jibu. Wakijibu kwa maana naongeza nyota ya pili.