Uzoefu wangu na makapu ya taka ya simu: umefuta video, mbona memori bado imejaa?

Hapa sipimi simu moja. Napima kitu ambacho karibu kila simu ya sasa inacho: lile kapu linalozishika picha na video ulizofuta kwa siku 30 au zaidi. Nimelijaribu la Google Photos, la Gallery ya Samsung na la iPhone. Kama kinga dhidi ya kidole kilichoteleza, yote matatu nayapa alama za juu. Kama njia ya kupata nafasi haraka, hayafai kitu, na pale Makoroboi, Mwanza mjini, watu wanaingia gharama za memori kadi mpya wakati nafasi wanayoitafuta imo humohumo kwenye simu.

Tuchukue mfano ninaoujua kwa hesabu. Simu ya Android ya GB 64, imebaki na MB 900, na WhatsApp inakataa kupakua. Ndani yake kuna video 24 za dagaa zilizopigwa mwaloni Kirumba, kila moja dakika moja, kwa ubora wa 1080p. Kwenye simu hiyo dakika moja ilikula takriban MB 130, kwa hiyo video zote ni kama GB 3.1. Mwenye simu akazichagua kwenye Google Photos, akazifuta tarehe 2 Desemba 2024 saa 9 alasiri. Video zikatoweka kwenye orodha. Akafungua Settings, kisha Storage: bado MB 900 zilezile.

Hakuna hitilafu hapo. Kuanzia Android 11, picha au video ikipelekwa kwenye kapu na programu inayofuata utaratibu huu wa Android, faili haihamishwi popote. Inabaki kwenye folda yake ileile na kubadilishwa jina tu. Iliyokuwa `VID_20241128_101512.mp4` inakuwa hivi:

```
.trashed-1735732800-VID_20241128_101512.mp4
```

Nukta ya mwanzo ndiyo inayoificha. Ile namba ndefu ni siku ya kufa kwake, ikihesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Ukiigeuza unapata tarehe 1 Januari 2025 saa 9 alasiri kwa saa zetu, yaani siku 30 kamili baada ya kufutwa. Kubadilisha jina hakupunguzi hata baiti moja, ndiyo maana MB 900 hazikusogea.

Ukiwa na kompyuta yenye adb, programu ya kuipa simu amri kupitia waya wa USB, na simu imewashiwa USB debugging, unaweza kuziona zote pamoja na ukubwa wake:

```
adb shell "find /sdcard/ -name '.trashed-*' -exec ls -lh {} +"
adb shell date -d @1735732800
```

Amri ya pili inakupa tarehe ya namba yoyote utakayoikuta. Asiye na kompyuta atumie programu ya mafaili yenye chaguo la Show hidden files, aangalie folda ya DCIM/Camera. Na kama video zako zinakaa kwenye memori kadi, ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows utaziona waziwazi, kwa kuwa Windows haifichi faili kwa sababu ya nukta. Watu wengi hushtuka hapo wakidhani ni virusi.

Sasa kuna jambo ambalo sijaliona likielezwa vizuri kwa watumiaji wa huku kwetu. Siku ya 30 ikifika, faili haifi papo hapo. Anayezisafisha ni mfumo wenyewe wa Android, kwa kazi inayopangwa mara moja kwa siku, na kazi hiyo inasubiri mambo mawili yatimie kwa pamoja: simu iwe inachajiwa, na iwe imetulia bila kutumiwa. Simu inayolala kwenye chaja usiku kucha, ikiwa imewashwa, haina shida. Lakini simu inayopelekwa kwenye kibanda cha kuchaji huko visiwa vya Ziwa Victoria, ikazimwa ili ijae upesi, haiifanyi kazi hiyo, kwa sababu simu iliyozimwa haifanyi kazi yoyote. Ile inayochajiwa kwa sola mchana huku mwenyewe anaperuzi nayo haitulii. Kwa hiyo ukikuta `.trashed` ambayo tarehe yake imepita wiki nzima, simu si mbovu. Iache kwenye chaja usiku mmoja, imewashwa, bila kuigusa.

Kama huwezi kungoja, toa taka mwenyewe. Kwenye Google Photos fungua Collections, kisha Trash (matoleo mengine huandika Bin), gusa nukta tatu, chagua Empty trash. Kwenye ule mfano wa Kirumba, MB 900 zikawa karibu GB 4 mara tu baada ya hatua hiyo. Kabla hujagusa, hakikisha kuna nini humo, maana baada ya hapo hakuna kurudi. Simu za sasa husimba data zote, na chipu ya kumbukumbu huambiwa isafishe sehemu zilizoachwa. Zile programu zinazojinadi kurudisha picha mara nyingi hukuletea vijipicha vidogo vilivyosalia tu.

Google Photos ina hesabu mbili tofauti za siku, na hapo ndipo wengi huchanganya. Picha ambayo haijapelekwa kwenye akaunti hukaa siku 30. Iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye akaunti hukaa 60. Na ukiifuta hiyo ya pili unaifuta na huko mtandaoni pia, si kwenye simu peke yake. Anayetaka kupunguza mzigo wa simu huku akibaki na nakala atumie Free up space, asitumie alama ya kapu.

Samsung ina kero yake: Gallery ina kapu lake na My Files ina lake, na hayajuani. Ukisafisha moja, lingine linabaki limejaa. Ila naisifu kwa jambo moja, kwamba kwenye mipangilio ya Gallery kuna swichi ya Trash unayoweza kuizima, na kuanzia hapo kufuta ni kufuta kweli. Binafsi ningeiacha imewashwa, kwani kidole hakiaminiki, lakini ni vizuri mtu kuwa na hiari.

Kwenye iPhone albamu ni Recently Deleted, siku 30, na Apple yenyewe inasema inaweza kufika 40. Kuanzia iOS 16 inafunguka kwa uso, kidole au namba ya siri, kwa hiyo anayeazima simu yako hachungulii ulichofuta. Huwezi kupunguza siku wala kuizima, na hilo ndilo linaloishusha alama machoni pangu. Kumbuka pia kwamba programu ya Files ina Recently Deleted yake pembeni, na ukifutia video humo hutaikuta kwenye albamu ya picha.

WhatsApp ni kinyume cha yote haya. Ukifutia video ndani yake, kwa Settings, Storage and data, Manage storage, haipiti kwenye kapu lolote na nafasi inarudi hapo hapo. Lakini video ileile ya WhatsApp ukiifutia kwenye Google Photos inageuka `.trashed` kama zile za kamera, na siku 30 zinaanza kuhesabiwa. Simu ikiwa imekwama kabisa, mimi huanzia Manage storage, kisha ndiyo naenda kwenye makapu.