Contact Form 7, Brevo, Turnstile na Flamingo: uzoefu wangu kwenye tovuti ndogo za Bukavu

Kwa tovuti ndogo ya WordPress, hizi ndizo ninazotumia na kupendekeza: Contact Form 7 kwa fomu yenyewe, FluentSMTP iliyounganishwa na huduma ya Brevo kwa kutuma barua pepe, Turnstile ya Cloudflare kwa kuzuia roboti, na Flamingo kwa kuhifadhi nakala. Zote zinapatikana bure kwa kiasi ambacho nyumba ya wageni, shule au duka la Bukavu linahitaji. Contact Form 7 peke yake siipendekezi. Maandishi ya kijani anayoyaona mgeni baada ya kubonyeza kitufe yanamaanisha tu kwamba seva ya tovuti imekubali kuituma barua. Hayasemi kama imefika.

Tuchukue nyumba ya wageni ya Muhumba inayopokea ujumbe kwenye Gmail. Aliyetengeneza tovuti aliweka anwani ya mgeni kama anwani ya mtumaji, akidhani hivyo ndivyo mwenye nyumba atakavyoweza kujibu kwa urahisi. Mteja wa Bujumbura mwenye anwani ya Yahoo anaomba chumba. Seva ya tovuti inaiandikia Gmail barua inayodai imetoka yahoo.com, wakati haina uhusiano wowote na Yahoo. Tangu 2014 Yahoo imetangaza kupitia DMARC, rekodi ambayo mwenye domeni anasema barua zinazotumia jina lake bila idhini zifanywe nini, kwamba barua ya namna hiyo ikataliwe, na Gmail inatii. Barua inakufa hapo. Taarifa ya kukataliwa inarudi kwenye sanduku la seva ambalo hakuna anayelisoma.

Dalili yake ni rahisi kuitambua: wateja wa Yahoo hawafiki kabisa, na wale wa Gmail wanaangukia kwenye Spam. Ukiona mgawanyiko huo, usipoteze muda kubadilisha fomu. Tatizo ni mtumaji.

Kwenye Contact Form 7, fungua sehemu ya barua ya fomu yako na uandike hivi:

```
From: [_site_title] <tovuti@domeni-yako.cd>
Additional headers: Reply-To: [your-email]
```

Barua sasa inatoka kwenye domeni yako, na ukibonyeza kujibu, jibu linakwenda kwa mgeni. Contact Form 7 yenyewe huonyesha onyo pale anwani ya mtumaji isipokuwa ya domeni ya tovuti. Wengi wanalipuuza, na ndilo onyo la maana kuliko yote kwenye ukurasa ule.

Baada ya hapo barua inahitaji kuthibitishwa. Seva za bei nafuu zinabeba tovuti nyingi kwenye anwani moja ya IP, na jirani mmoja akituma taka, barua zako nazo zinashukiwa. Ndiyo maana naituma kupitia Brevo. Sajili domeni yako huko, kisha nakili kwenye DNS, pale ulikosajili domeni au inaposimamiwa, rekodi inazokupa: ya kuthibitisha umiliki, ya DKIM ambayo ni sahihi ya kidijitali ya barua zako, na ya DMARC. Kwa DMARC anza na hii, kwenye jina `_dmarc`:

```
v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@domeni-yako.cd
```

Kama tayari una rekodi ya DMARC, irekebishe hiyo hiyo, maana zikiwa mbili zinahesabika kama hakuna. Kwenye FluentSMTP chagua Brevo na ubandike ufunguo wa API. Napenda njia hii kuliko SMTP ya kawaida kwa sababu inapita kwenye HTTPS, na baadhi ya seva hufunga mlango 587 bila kumwambia mteja. FluentSMTP pia inaweka kumbukumbu ya kila barua iliyotumwa na kosa lililotokea, na unaweza kuituma upya kutoka hapo hapo.

Kiwango cha bure cha Brevo ni barua 300 kwa siku. Kwa fomu ya mawasiliano zinatosha sana, mradi usiwashe jibu la moja kwa moja, ile barua ya pili inayomwambia mgeni «tumepokea ujumbe wako». Roboti huandika humo anwani za watu wengine. Domeni yako inaanza kuwatumia barua watu ambao hawajawahi kusikia habari zako, wao wanabonyeza Spam, na sifa yote uliyoijenga inaharibika. Mimi huwa naizima. Maandishi kwenye ukurasa yanatosha kumshukuru mgeni.

Kwa kuzuia roboti, Turnstile inahitaji funguo mbili kutoka Cloudflare, na domeni yako haihitaji kuhamia kwao. Chagua namna ya «Managed». Wageni wengi hawaombwi kitu chochote, na hakuna picha za kuchagua ambazo zinachelewa kufunguka kwenye simu yenye mtandao dhaifu. Tiketi inayotolewa kwa mgeni inadumu sekunde 300 na inatumika mara moja tu. Kwa kawaida inajifanya upya yenyewe mtu anapoandika taratibu, lakini mtandao ukikatika katikati, ujumbe halali unaweza kuhesabiwa taka. Kwenye Contact Form 7 mgeni anaona maandishi yenye ukingo wa rangi ya machungwa, tofauti na nyekundu inayoonyesha kwamba kutuma kumeshindikana. Mteja akikupigia picha ya skrini, tazama rangi hiyo kwanza.

Hapo ndipo Flamingo inapookoa kazi. Contact Form 7 haihifadhi chochote, lakini ukiiongezea Flamingo kila ujumbe unabaki kwenye tovuti, hata ule ambao barua yake imeshindikana, hata ule uliohesabiwa taka. Pitia sehemu ya taka kila wiki. Ukimkuta mteja wa kweli humo, mjibu mwenyewe kwa barua au kwa simu. Kwa sababu hiyo naweka pia kisanduku cha namba ya simu.

Turnstile haimzuii binadamu anayebandika matangazo kwa mkono. Kwa hao kuna orodha ya maneno yasiyoruhusiwa kwenye mipangilio ya maoni ya WordPress, na Contact Form 7 inaitumia. Itumie kwa uangalifu, maana inatafuta herufi hata ndani ya neno refu. Ukiandika `bet` kwa nia ya kuzuia michezo ya kamari, unamfungia nje kila Elisabeth. Andika maneno marefu au anwani kamili za tovuti zinazorudiarudia. Kufungia IP sikushauri kabisa, kwani kwenye mitandao ya simu watu wengi hutoka nje kwa IP moja, na ukimfunga mmoja unafunga mtaa.

Jaribio la mwisho: tuma ujumbe kupitia fomu ukijaza anwani ya Yahoo, kisha mwingine ukijaza ya Gmail. Kwenye barua iliyofika, fungua «Afficher l'original» na utazame mistari ya SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma, ya DKIM na ya DMARC. DKIM lazima iseme PASS na itaje domeni yako. Ikitaja domeni ya mtu mwingine, rekodi za DNS bado hazijashika au kuna herufi iliyokosewa. Rudia jaribio hili kila unapohamisha tovuti au kubadilisha seva za majina, kwa sababu rekodi hizo ndizo husahaulika nyuma.

Kama fomu yako inapokea faili, kwa mfano wasifu wa waombaji kazi, ujue kwamba Flamingo haihifadhi faili zenyewe. Barua ikipotea, faili imepotea nayo, na kwa kazi ya namna hiyo ningetafuta fomu nyingine.