Miezi minane na silinda ya hewa: katoni zilipoacha kurukaruka

Seti hii niliinunua kwa kazi moja tu, kusukuma katoni za chupa kutoka mkanda mmoja kwenda mwingine. Ndani ya boksi kulikuwa na silinda ya hewa inayosukuma na kuvuta, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 32 na mwendo wa milimita 200, vali ya matundu matano na nafasi mbili, pamoja na vidhibiti kasi viwili vya kufunga kwenye midomo ya silinda. Nimeitumia miezi minane na nimeridhika nayo. Lakini wiki ya kwanza nilikaribia kuirudisha, na kosa halikuwa la silinda wala la vali.

Nguvu haikuwa tatizo hata siku moja. Kwa shinikizo la baa 6, pistoni ya ukubwa huo inasukuma kwa nyutoni 480 hivi. Inaporudi inavuta kwa nyutoni 415 hivi, kwa sababu fimbo yake ya milimita 12 inachukua sehemu ya eneo ambalo hewa ingelisukuma. Katoni yangu ina kilo 9 na inateleza juu ya bati laini, kwa hiyo haihitaji hata nyutoni 50. Kilichonisumbua ni mwendo. Nilitaka fimbo itoke polepole, sekunde moja na nusu hivi, ili chupa zisigongane. Nilipobana skrubu za vidhibiti, fimbo ilianza kwenda kwa kushtuka: inasimama, inaruka kidogo, inasimama tena. Dada anayeendesha mashine akaniambia, "Fundi, hiki kitu kinatembea kama mtu mwenye kwikwi." Ndivyo kilivyokuwa kinatembea.

Nilipaka grisi, nikanyoosha reli, nikalegeza na kukaza upya nati za kushikilia silinda. Hakuna kilichobadilika. Mwisho nikavitazama vidhibiti vyenyewe kwa karibu. Kila kimoja kina njia mbili ndani: tundu jembamba linalobanwa na skrubu, na kando yake vali ndogo ya njia moja inayoachia hewa ipite bila kizuizi upande mmoja tu. Kuna vinavyobana hewa inayoingia kwenye silinda na vinavyobana hewa inayotoka. Kwa macho vinafanana kabisa, tofauti ni mchoro mdogo uliochongwa ubavuni. Muuzaji alikuwa ameniwekea vya kubana hewa inayoingia.

Kwa mzigo mwepesi unaoteleza, hapo ndipo kwikwi inapotoka. Hewa inaingia kidogo kidogo nyuma ya pistoni, na shinikizo linapanda mpaka lishinde msuguano wa kuanzia. Kitu kilichosimama kinashikilia kuliko kinachotembea, kwa hiyo pistoni ikishaachia inachomoka. Inapochomoka, chumba cha nyuma kinapanuka haraka kuliko tundu jembamba linavyoweza kukijaza, shinikizo linashuka, pistoni inasimama, na hesabu inaanza upya. Mbele yake hakuna cha kuizuia, maana hewa ya upande wa pili imeshatoka yote bila kubanwa.

Nikapata vya aina ya pili, vinavyobana hewa inayotoka. Sasa chumba cha nyuma kinajaa mara moja, na hewa ya mbele inalazimika kupenya kwenye tundu jembamba ili itoke. Pistoni inakuwa imebanwa kati ya hewa mbili, na inasogea kadiri ile ya mbele inavyoruhusiwa kuondoka. Siku hiyohiyo fimbo ilitoka laini mfululizo, bila mshtuko hata mmoja. Nilisimama pale nikaangalia katoni ishirini zikipita, nikafurahi kwelikweli.

Kama huuamini mchoro wa ubavuni, kuna jaribio rahisi. Kifungue kidhibiti kutoka kwenye silinda, funga skrubu yake kabisa, kisha ingiza hewa ya shinikizo dogo, baa 1 inatosha, kupitia upande unaochomekwa mpira wa hewa. Hewa ikipita bila shida kutokea upande wa silinda, hicho kinabana hewa inayotoka. Ikikwama, kinabana inayoingia. Vaa miwani ya kazi kabla ya kujaribu.

Kurekebisha nako kuna adabu yake. Anza skrubu ikiwa karibu kufungwa kabisa, kisha fungua robo mzunguko kwa robo mzunguko huku ukitazama mwendo, kwa sababu mabadiliko makubwa yako kwenye mizunguko ya mwanzo tu. Ukifika unapotaka, kaza nati ya kufungia, la sivyo mtikisiko wa mashine utakuhamishia kasi. Kidhibiti kilicho kwenye mdomo wa mbele, upande wa fimbo, ndicho kinachopanga kasi ya kutoka, na cha nyuma kinapanga kurudi. Cha nyuma nimekiacha wazi zaidi, fimbo irudi kwa nusu sekunde. Usitarajie miujiza pia: silinda za kawaida kama hii, chini ya milimita 50 hivi kwa sekunde, huanza kusitasita hata vidhibiti vikiwa sahihi.

Sasa jambo lililonitisha. Vali yangu ina koili mbili na haina springi, kwa hiyo inabaki pale ilipoachwa hata umeme ukikatika. Siku moja nilifunga hewa na kuitoa yote fimbo ikiwa nje, nikairudisha ndani kwa mkono ili nifute bati. Nilipofungua hewa, fimbo ilifyatuka kama risasi, ikaangusha katoni, chupa tatu zikavunjika. Vidhibiti havikuwa na la kufanya: vinabana hewa inayotoka, na chumba cha mbele hakikuwa na hewa ya kubanwa. Vali nayo ilikuwa bado kwenye nafasi ya kusukuma. Mkono wangu ulikuwa umetoka pale sekunde chache tu kabla.

Tangu hapo nimefunga vali ya kuanza polepole kwenye mstari mkuu, inayojaza mfumo taratibu kabla ya kufunguka yote. Pia naangalia nafasi ya vali kabla ya kurudisha hewa. Ningekuwa nanunua leo, ningechukua vali ya koili moja yenye springi, ambayo umeme ukikatika inarudi yenyewe kwenye nafasi ya kuvuta. Nayo haiondoi hatari yote, kwa sababu fimbo ikiwa nje hewa inaporudi, itaingia kwa nguvu ileile. Aina zote mbili hazina nafasi ya katikati, kwa hiyo huwezi kuisimamisha fimbo njiani kwa vali hii peke yake.

Mwezi wa saba wa kuitumia nilianza kusikia mlio wa hewa usiokoma kwenye kipunguza kelele cha tundu la 3 la vali, linalotoa hewa ya upande wa fimbo, fimbo ikiwa nje. Hapo mshukiwa ni sili ya pistoni au vali. Nilifunga hewa, nikachomoa mpira wa upande wa fimbo na kuziba ncha yake, nikatoa na kidhibiti cha mdomo huo, kisha nikafungua hewa taratibu vali ikiwa kwenye kusukuma. Mdomo wa silinda ulikuwa ukipumua, basi ilikuwa sili. Ingekuwa kimya, ningeifungua vali. Nimebadilisha sili kwa nusu saa, na mlio umekwisha.