Skrini ilisoma 144: uzoefu wangu na dopla ya nyumbani

Nilinunua dopla ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto mimba yangu ilipokuwa na wiki 13. Kabla yake nilikuwa nimepoteza mimba changa, na siku za kusubiri kliniki hadi kliniki zilinitesa mno. Muuzaji wa Kariakoo aliituma kwa basi, nikaichukulia stendi ya Nane Nane hapa Mbeya. Shilingi 85,000, pamoja na chupa ndogo ya jeli na betri mbili kama zile za rimoti. Kifaa chenyewe kina mwili wa kushika mkononi wenye spika na skrini, na kichwa chenye waya ambacho unakipitisha tumboni juu ya jeli.

Wiki za mwanzo kilinipa hofu zaidi ya nafuu. Nikiwa na wiki 14 nilihangaika nacho karibu saa nzima bila kumpata mtoto. Nililia, tukakodi bajaji usiku, na altrasaundi ikaonyesha mtoto yuko salama: kondo la nyuma lilikuwa limejishikiza upande wa mbele, kati ya kichwa cha kifaa na mtoto. Daktari alisema katika umri ule hata wenye uzoefu huwakosa. Hilo nalisamehe. Lililotokea wiki ya 35 ndilo lililonifanya niandike.

Mwanangu alikuwa na saa yake ya kucheza. Nikishakula chakula cha usiku na kujilaza, alianza mateke ubavu wa kulia, akaendelea hadi nipitiwe na usingizi. Jumatano ile alicheza kidogo tu. Shangazi akanituliza kwamba mimba ikikomaa mtoto anajaa, hana tena nafasi. (Wengi wetu tumelelewa na neno hilo, na si kweli. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, mateke makali yakawa kujisukuma na kujigeuza, lakini mtoto hapaswi kupunguza kucheza kwa sababu tu siku zimekaribia.) Alhamisi usiku nikahisi kama mara mbili hivi, nikatoa dopla kabatini. Nikapaka jeli, nikaweka kichwa upande wa kulia chini ya kitovu, nikasikia sauti ya mvumo, fuu, fuu, fuu, na skrini ikaandika 144. Nilijua kwamba moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya 110 na 160 kwa dakika. Nikamshukuru Mungu, nikalala. Asubuhi nikapima tena, 142. Nikaenda zangu kufungua duka Mwanjelwa.

Ijumaa jioni jirani yetu, mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi, alipita kunijulia hali.

"Mtoto anachezaje, mwanangu?"

"Amepunguza tangu juzi, Bibi, ila moyo wake nimeusikia. Mia na arobaini na nne."

Hakusema kitu. Aliniambia nijilaze, niwashe kifaa na kukiweka palepale nilipokiweka jana. Sauti ilipotoka, akanishika kifundo cha mkono kama wanavyopima mapigo hospitalini, akafumba macho. Kisha akachukua mkono wangu mwingine, akaniwekea vidole pale pale alipokuwa ameshika yeye.

"Sikiliza na uguse kwa pamoja."

Kila fuu ilikuja na pigo moja la mkono wangu, bila kupishana. Akatazama saa ya ukutani, tukahesabu dakika nzima: 72. Skrini ilikuwa imesimama kwenye 144. Sabini na mbili mara mbili.

Ile sauti ilikuwa yangu mwenyewe, na hapa ndipo nilipoelewa kifaa nilichokitumia kwa miezi mitano. Dopla haisikilizi moyo. Inapeleka mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia, mawimbi yanagonga kitu chochote kinachosogea na kurudi yakiwa yamebadilika kidogo, na mabadiliko hayo ndiyo yanayogeuzwa kuwa sauti ya spika. Damu inayopita kwenye mishipa inasogea. Mama mjamzito ana mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba, tena iko kulia na kushoto, mahali ambapo mkono wa mtu asiye na mafunzo hufika kwanza. Kondo nalo lina mvumo wake kama upepo. Moyo wa mtoto wenyewe husikika mkavu na wa haraka, kama farasi anayekimbia. Mtu aliyefunzwa anatofautisha. Mimi nilisikia mvumo, nikaona namba nzuri, nikaiamini namba.

Na namba je, ilitoka wapi? Mashine inatafuta kitu kinachojirudia kwenye sauti, kisha inapiga hesabu kinajirudia mara ngapi kwa dakika. Damu ya mshipa haiendi kwa msukumo mmoja ulio laini. Pigo moja linaweza kuonekana kama mawimbi mawili, kubwa na dogo linalofuata. Mashine ikihesabu yote mawili, mapigo ya mama yanaongezeka maradufu na kuangukia katikati kabisa ya kiwango cha mtoto. Wala si lazima ikosee hesabu. Mama mwenye homa, upungufu wa damu au hofu kubwa anaweza kufikisha 115 au 120 kwa mapigo yake halisi. Skrini haina namna ya kukuambia namba hiyo ni ya nani.

Bibi alienda kwake akarudi na fetoskopu yake, ile ya umbo la tarumbeta. Alinipapasa tumbo kwanza kujua mgongo wa mtoto uko upande gani, akaiweka kushoto chini, akainamisha sikio, huku bado ameshika mkono wangu. Alikaa hivyo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana.

"Yupo. Anapiga kama mia na hamsini. Ila huko ulikokuwa ukisikiliza hakuwepo. Vaa sweta, twende hospitali."

Nilimwuliza, kwa kuwa moyo umesikika, kama tungeweza kusubiri asubuhi. Ilikuwa Julai, baridi ya Uyole inauma. Alinijibu maneno ambayo sijayasahau: "Moyo kupiga na mtoto kuwa mzima ni mambo mawili."

Hospitalini nesi naye alipima kwa dopla, nzuri kuliko yangu, akapata 150. Kwa hiyo hata kama kifaa changu kingempata mtoto tangu Alhamisi, kingeniambia yaleyale: uko sawa, lala. Lakini hawakuishia hapo. Walinifunga mikanda miwili tumboni, mashine ikachora mapigo kwenye karatasi kwa zaidi ya nusu saa. Daktari alinionyesha mstari. Mapigo ya mtoto mwenye afya hupandapanda na kushuka kidogo wakati wote, na akicheza yanapanda zaidi. Wa kwangu ulikuwa karibu umenyooka. Wastani ulikuwa 150, namba nzuri, na mstari mbaya. Altrasaundi ikaonyesha maji yamepungua, mtoto ni mdogo kuliko umri wake, na damu inayopita kwenye kamba ya kitovu ni hafifu. Kondo lilikuwa halimlishi vya kutosha.

Alinieleza kwamba mtoto anayepungukiwa hewa polepole hubana matumizi. Huanza kwa kuacha kujisogezasogeza, ili kidogo anachopata kiende kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana moyo unaweza kuendelea kupiga kwa kiwango cha kawaida hadi hali iwe mbaya sana. Kucheza kulikopungua kulikuwa taarifa aliyonitumia Jumatano, na mimi niliizima kwa kifaa cha 85,000. Nilifanyiwa upasuaji usiku uleule. Alitoka na kilo 1.9, akakaa kifuani kwangu ngozi kwa ngozi siku tisa wodini, na leo ana miezi saba.

Nilipopata nguvu nilisoma. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha kisa cha mama wa Uingereza mwenye mimba ya wiki 38. Alihisi mtoto amepunguza kucheza, akasikiliza kwa dopla yake nyumbani, akatulia. Alipofika hospitali baadaye, mtoto alikuwa ameshafariki. Madaktari waliomhudumia waliona kwamba yawezekana alichosikia ni mapigo yake mwenyewe au mvumo wa kondo. Nilisoma nikaiona Alhamisi yangu. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo ilitoa tahadhari dhidi ya vifaa hivi kutumiwa nyumbani bila msimamizi wa afya.

Kipo hata kifaa cha hospitali kiitwacho Moyo, kilichotengenezwa na Laerdal wa Norway na kufanyiwa utafiti hapa kwetu, Haydom na Muhimbili. Watengenezaji walikiwekea sehemu ambazo mama anagusa kwa vidole, ili mapigo yake yasomwe peke yake na mkunga asichanganye. Ikiwa mkunga wa chumba cha kujifungulia anahitaji msaada huo, sisi wa nyumbani na jeli yetu tunautoa wapi?

Nikiulizwa kama kifaa kinafanya kazi, nitasema ndiyo, kinapokea mwendo wa damu na kuutolea sauti. Hakina uwezo wa kujua damu ya nani, wala mtoto anaendeleaje. Programu za simu zinazodai kusikia mtoto kwa maikrofoni sina hata la kuzisemea. Sitanunua tena.

Ninachofanya sasa mtu akinipigia ni kumwuliza kwanza: kawaida yake ni ipi, na leo ikoje? Kuanzia wiki ya 28, kama una wasiwasi na huna hakika, lala ubavu wa kushoto, weka simu mbali, mzingatie mtoto kwa saa mbili. Usipohisi michezo 10 iliyo tofauti, unaondoka kwenda hospitali saa hiyohiyo. Na kama una hakika kwamba amepunguza, hizo saa mbili za nini? Ondoka. Ukifika sema "mtoto amepunguza kucheza tangu siku fulani", usianze na "moyo nimeusikia", maana mimi nilianza hivyo kwa Bibi, na mtu mwingine angeweza kunirudisha nyumbani kwa neno hilo.

Wiki mbili zilizopita wifi yangu wa Tukuyu, mwenye wiki 31, aliniomba nimtumie dopla kwa gari la asubuhi. Nilimwuliza anaitakia nini. Akasema mtoto amekuwa kimya tangu jana, alitaka tu kuhakikisha. Nilimwambia apande gari yeye.