Kisanduku cha kilowati 22, Leaf yangu inakula 6.4

Nina Nissan Leaf ya 2018, betri ya kilowati-saa 40, ilitokea Uingereza. Mwanzoni nilikuwa nachajia kwenye soketi ya kawaida kwa ampea 10, yaani kilowati 2.3. Kutoka asilimia 20 hadi kujaa ilikuwa masaa kama 15. Muuzaji wa vifaa akaniuzia kisanduku cha ukutani cha kilowati 22, akasema nikivuta umeme wa njia tatu nitasahau shida. Nikavuta, nikalipia na mita mpya.

Usiku wa kwanza kioo cha kisanduku kikaandika hivi:

```
L1 28 A   L2 0 A   L3 0 A
```

Nikajua fundi amekosea. Akarudi na mita yake ya kubana waya, akabana mmoja mmoja: wa kwanza 28, mingine miwili sifuri. "Bosi, umeme upo njia zote tatu. Gari ndilo halizitaki mbili."

Na kweli. Betri haipokei umeme wa AC. Lazima ugeuzwe kuwa DC kwanza, na kazi hiyo inafanywa na chaja iliyo ndani ya gari. Kile cha ukutani, pamoja na bei yake, ni swichi yenye ulinzi inayoliambia gari kiwango cha juu cha ampea linachoruhusiwa kuvuta. Chaja ya ndani ya Leaf yangu ni ya njia moja, mwisho kilowati 6.6. Ampea 28 mara volti 230 ni kilowati 6.4, basi. Ile 22 hupatikana kwa ampea 32 kwenye kila njia, kwa gari lenye chaja ya ndani inayoweza kuzipokea zote. Kilichonidanganya ni plagi: inaingia vizuri kabisa, haikuonyeshi kama upande wa pili kuna kitu.

Sasa najaza kwa masaa matano na nusu hivi, na jioni volti zikishuka hadi 210 inazidi kidogo. Silalamiki, gari linaamka limejaa. Ila kisanduku cha njia moja cha kilowati 7.4 kingenipa yaleyale, bila mita mpya.

Kabla hujalipa, tafuta kwenye maelezo ya gari lako kiwango cha kuchaji kwa AC, na uulize ni njia ngapi. Usichukue ile namba kubwa ya DC, ya vituo vya kuchaji haraka. Kule chaja ya ndani inarukwa. Hata lililoandikwa 11 liulizie: mengine huvuta ampea 16 tu kwa kila njia, kwa hiyo kwenye nyumba ya njia moja utapata 3.7.

Njia zangu mbili zilizolala fundi alizihamishia jiko, hita ya maji na viyoyozi, ili gari libaki peke yake kwenye ya kwanza. Anayefaidi kisanduku ni shemeji. Akija na gari lake la kilowati 11, kioo kinasoma 16, 16, 16, na uniti za luku yangu zinakimbia.