Nililipia mizunguko mitatu, nikapata mmoja na nusu

Nisiwe mnafiki: finjani ya kwanza ilikuwa kahawa tamu kuliko zote nilizowahi kunywa, na ndiyo maana nina hasira mpaka leo.

Mgahawa uko Addis Ababa, upande wa Bole. Jina nalihifadhi. Nilikwenda na shemeji yangu, siku chache baada ya Krismasi yao ya Januari. Menyu ilisema buna kamili, yaani kahawa yao ya kienyeji, mizunguko mitatu, na bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu jasho. Tukakaa kwenye vigoda, miguu juu ya nyasi mbichi walizotandaza sakafuni, bisi mbele yetu.

Binti aliyekuwa jikoni, yaani palepale mbele yetu, anaijua kazi. Aliziosha buni, akazikaanga taratibu juu ya makaa mpaka zikaanza kupasuka na kung'aa mafuta, kisha akatupitishia kikaango tujipepee moshi puani. Akatwanga kwenye kinu. Akatia kwenye jebena, lile birika lao jeusi la udongo lenye shingo ndefu. Kahawa ilipochemka ikapanda shingoni, akamimina kidogo kwenye finjani, povu likatulia, akairudisha ndani. Akarudia tena na tena. Mwisho akaiondoa motoni, akaiegemeza kwenye kata yake na kukunja mikono. Akasubiri tu. Jebena ile haikuwa na chujio, kwa hiyo machicha lazima yashuke yenyewe tumboni mwa chungu. Hapo ukiharakisha umeharibu kila kitu.

Alipomimina, mkono wake ulikuwa juu sana, uzi mwembamba mweusi ukapita finjani hadi finjani bila kukatika. Huo mzunguko wa kwanza huitwa abol. Ni mzito, unakuuma ulimi kwa uchungu, halafu ukishameza unabaki na uchachu wa tunda lililoiva. Ubani aliutia kipande kidogo tu kwenye chetezo, pembeni, ukawa unanukia bila kuifunika kahawa. Nilimwambia shemeji, hapa nyota tano.

Ndipo akaja meneja.

Mzunguko wa pili, tona, hutoka kwenye machicha yaleyale: unaongezwa maji, jebena inarudi motoni. Uchungu unapaswa kupungua na ule uchachu ujitokeze vizuri zaidi. Kwa wengi wetu tuliozoea kahawa chungu ya barazani, tona ndiyo ingetufaa. Lakini bwana huyu alikuwa na kundi la watalii mlangoni wanaosubiri vigoda vyetu. Akamwambia binti jambo kwa Kiamhari, kwa sauti ya kuagiza punda. Binti akatutazama, akaitoa jebena motoni ikiwa bado inatokota, akamimina hapohapo. Nilipokunywa, mchanga mtupu mdomoni! Machicha yalikwama mpaka kwenye meno. Na kabla hatujalalamika, meneja mwenyewe akadondosha bonge la ubani kwenye makaa, moshi ukatujaa hadi machozi. Sijui alitaka kuficha nini. Kuanzia hapo nilikuwa nakunywa ubani.

Nikauliza baraka iko wapi, yaani mzunguko wa tatu. Akaniwekea bili mbele.

"Hiyo ni maji tu," akasema. "Wageni hawainywi."

Shemeji, aliyekaa mji huo miaka mingi, akamjibu kwa lugha yake kwamba kwao mgeni hainuki kabla ya baraka, sasa yeye anawainuaje wageni wake? Meneja akacheka na kuanza kukusanya vifinjani. Changu kilikuwa bado na kahawa ndani!

Na kweli baraka ni nyepesi. Jioni ileile jirani wa shemeji, mama mmoja mtu mzima, alitupikia buna sebuleni kwake bila kutudai chochote. Ya tatu yake ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, uchungu karibu umekwisha. Alichovya kijitawi cha tena adam, majani yenye harufu kali kidogo, na kile kijichachu cha abol nikakipata tena, kwa mbali. Kufikia hapo tulikuwa tumeshamaliza habari za watoto, ardhi na mahari. Kuiita maji tu ni kutojua watu wanakaa pale kwa nini.

Kwa hiyo nyota moja. Ila nikikumbuka ile abol, mkono wa yule binti, roho inanisuta. Wala si kosa lake. Basi ukienda, kaa karibu naye, mbali na chetezo, na usilipe mpaka jebena irudi motoni mara ya tatu. Nyota mbili. Tatu, kama meneja yuko likizo.