TAHADHARI: Cheni linki ya "geji 12" yenye waya wa milimita 2 na zinki ya juu juu

Kama unajiandaa kuzungushia kiwanja uzio, usilipie rola hata moja kabla hujasoma hapa. Kuna wauzaji wanaouza cheni linki kwa jina la geji 12 au 12 na nusu, mnunuzi analipa bei ya waya wa milimita 2.5, kumbe anaondoka na waya wa milimita 2 uliopakwa zinki nyembamba mno. Ubaya wake ni kwamba pale dukani inang'aa kuliko ile nzuri. Ikishafungwa kwenye nguzo hakuna anayeona tofauti, na siku kutu ikianza kuchuruzika, muuzaji atakwambia ni hali ya hewa.

Mlango wa wizi huu ni namba ya geji. Namba ikipanda, unene unashuka. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kuna zaidi ya jedwali moja la geji. Kwa jedwali la Kiingereza, SWG, geji 12 ni milimita 2.64, 12 na nusu ni kama 2.5, na geji 14 ni 2.03. Kwa jedwali la AWG, ambalo limetengenezwa kwa ajili ya nyaya za umeme, geji 12 ni milimita 2.05. Kwa hiyo muuzaji anakupa geji 14 ya SWG, anaiita 12, na ukimbana anakimbilia AWG. Dawa ni moja: usikubali namba ya geji peke yake. Uliza unene kwa milimita, na uandikwe kwa milimita kwenye risiti.

Usidharau hiyo nusu milimita. Kiasi cha chuma kwenye waya hufuata mraba wa unene, siyo unene wenyewe. Mita moja ya waya wa milimita 2.5 ina uzito wa gramu 38.5 hivi, ya milimita 2 haifiki gramu 25. Yaani zaidi ya theluthi moja ya chuma imetoweka, na nguvu ya waya kuhimili mvuto imepungua kwa kiwango hicho hicho. Mtu akipanda, wavu unalegea na kubaki na tumbo, na koleo ndogo ya mkononi inaukata bila jasho.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 100. Ukitoa geti la mita 4, zinabaki 96. Rola ya cheni linki yenye urefu wa mita 18 na kimo cha mita 1.8 ina eneo la mita za mraba 32.4, na utahitaji rola 6. Wavu wenye matundu ya milimita 50 hutumia takriban mita 40 za waya kwa kila mita ya mraba, na mikunjo inaongeza kama asilimia 5. Piga hesabu: rola moja ina karibu mita 1,360 za waya. Kwa waya wa 2.5 hiyo ni kilo 52 hivi. Kwa waya wa 2 ni kilo 33 au 34. Kwenye rola zako 6 umepunjwa zaidi ya kilo 100 za chuma ulizolipia. Ndiyo maana mizani ndiyo shahidi wa kwanza. Muuzaji anayekataa rola yake ipimwe, achana naye hapo hapo.

Uzito peke yake lakini haumalizi maneno, kwa sababu unaweza kupungua kwa njia tatu: waya mwembamba, matundu makubwa au rola fupi. Matundu yapime kutoka waya hadi waya unaoenda sambamba nao, siyo kona kwa kona. Tundu la milimita 50 likipimwa kona kwa kona linatoa kama 70, na hapo ndipo watu wanapochanganywa. Weka futi kukatisha matundu 10 mfululizo, yatoe sentimita 50. Urefu nao upime wavu ukiwa umenyooshwa kawaida. Cheni linki ikivutwa kwa nguvu hurefuka huku kimo kikishuka, kwa hiyo mita 18 zenye kimo cha mita 1.65 siyo mita 18 ulizonunua.

Unene wa waya unapimwa kwa kalipa, kwenye ncha iliyo wazi, sehemu tatu tofauti. Huna kalipa? Chomoa waya mmoja mwishoni mwa rola (cheni linki inachomoka kwa kuzungushwa, haiharibu zilizobaki), kata vipande 10 vilivyonyooka, vipange vikigusana juu ya meza na upime upana wa jumla kwa rula. Milimita 25 ni halali. Ukiona 20 au 21, umeshapata jibu.

Wavu uliovishwa plastiki una mtego wake. Muuzaji anapima na plastiki yake anakuonyesha milimita 3, na kweli kalipa inasema 3, ila ndani waya ni 2. Kwangua plastiki mwishoni kwa kisu upime chuma chenyewe. Plastiki haibebi mzigo wa mtu anayepanda uzio.

Sasa zinki, ambako wizi ni mkubwa zaidi kwa sababu hauonekani. Waya unaweza kupata zinki kwa kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, au kwa kupakwa kwa umeme. Ya umeme mara nyingi haifiki maikroni 5, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ya kuchovya inatofautiana sana: waya wa 2.5 wenye zinki nzito hubeba kama gramu 240 kwa mita ya mraba ya uso wake, ambayo ni karibu maikroni 34. Ule wa zinki nyepesi, uliokwanguliwa ukitoka kwenye beseni, unaweza kubaki na maikroni 8 tu. Sehemu kavu mbali na bahari zinki huliwa chini ya maikroni 0.7 kwa mwaka. Mjini penye unyevu inaweza kufika 2. Karibu na pwani ni 2 hadi 4, na ufukweni kabisa ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo maikroni 8 pwani ni miaka miwili hadi minne kabla kutu haijaanza, wakati maikroni 34 hazipungui miaka minane. Neno "galvanaizi" kwenye kibandiko halikwambii ni ipi kati ya hizi.

Kwa macho, zinki ya umeme ni laini, nyeupe inayometa, sawasawa kila mahali. Ya kuchovya kwa uzito ina ukijivu na vijinundu hapa na pale. Hata hivyo usiamini macho peke yake, maana zinki nyepesi ya kuchovya nayo hung'aa. Kipimo cha uhakika zaidi ni mrututu, ule unga wa bluu unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Uyeyushe kwenye maji ya moto ndani ya chombo cha kioo au plastiki hadi usiyeyuke tena, acha upoe kabisa, kisha mimina maji ya juu kwenye chombo kingine, hayo ndiyo ya kupimia. Ni sumu, kwa hiyo usitumie chombo cha jikoni, na wafukuze watoto hapo.

Futa kipande cha waya mafuta kwa spiriti, kisuuze, kizamishe kwenye maji hayo dakika moja bila kukitikisa, kitoe, kisuuze na ukifute kwa kitambaa. Utaona weusi kama masizi. Huo unafutika, na ni kawaida ya zinki. Unachotafuta ni wekundu wa shaba unaong'aa na kukatalia kwenye waya hata ukisugua. Hapo zinki imekwisha na chuma kimefikiwa. Sentimita mbili za mwisho karibu na ulipokata usizihesabu, kwa kuwa pale chuma kiko wazi tangu mwanzo. Waya wa zinki ya umeme huonyesha shaba kwenye dakika ya kwanza. Wenye zinki nzito huvumilia mizamisho mitatu au zaidi. Vilevile zungusha kipande kwenye msumari mnene: zinki ikibanduka kama magamba, haikushika vizuri hata kama ni nene.

Wengine wakishasikia haya huamua kukimbilia wavu wa kuchomelea, na kwa kweli una sifa zake. Ukikatwa waya mmoja haufumuki, wakati cheni linki mwizi akichomoa waya mmoja wima anapata mlango. Ila angalia ulichomelewa lini. Ukichovywa zinki kabla ya kuchomelewa, moto unaunguza zinki pale pale kwenye maungio, na kutu inaanzia hapo, mahali panapobeba wavu wote. Inama utazame makutano ya nyaya: yakiwa na doa jeusi au la kahawia, uchomeleaji ulikuwa wa mwisho. Yakiwa yamejazwa zinki kama nta iliyotuama kwenye kona, wavu ulichovywa baada ya kuchomelewa, na huo ndio wa kununua. Wavu huu pia haukunjiki kufuata mteremko. Kiwanja kikiwa na kilima itabidi uushushe ngazi kwa ngazi na kuziba mapengo ya chini. Cheni linki inafuata ardhi vizuri zaidi.

Seng'enge yafaa kuzuia mifugo kwenye eneo kubwa, au nyuzi mbili tatu juu ya wavu. Kama uzio kamili wa kiwanja cha makazi, mbwa anapita na mtoto anaumia. Mtego wake ni waya wa milimita 1.6: upo ulio halali, wa chuma kigumu, na upo wa chuma laini unaouzwa kwa jina hilo hilo. Kunja ncha kwa mkono uachie. Kigumu kinaruka kurudi, laini kinabaki kilipokunjwa.

Kwenye risiti yaandikwe haya: unene wa waya kwa milimita bila plastiki, ukubwa wa matundu, kimo na urefu wa rola, uzito wa rola, na zinki kwa gramu kwa mita ya mraba. Ukiandikiwa tu "cheni linki G12, rola 6", huna cha kudai. Na mzigo ukifika kiwanjani, pima kila rola kabla fundi hajakata kamba, kwa sababu rola ya mfano uliyopimiwa dukani huwa ndiyo nzuri, halafu zinazopakiwa kwenye gari ni nyingine. Rola isiyokatwa inarudishika. Ikishafungwa kwenye nguzo, hakuna muuzaji atakayeipokea.